Daftari, Simu au Fundi: Njia Tatu za Kufungua Vifupisho vya Ruwaza ya Kufuma Iliyopigwa Picha

Julai iliyopita, baridi ya Nairobi ilipokuwa imekaza, binti ya kaka yangu anayeishi Umoja alinitumia picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani cha kufuma. Ulikuwa na maelezo ya kofia ya mtoto mchanga inayofumwa kwa sindano mbili. Kivuli cha mkono wake kilikuwa kimelala juu ya mistari mitatu ya mwisho, na ukurasa ulikuwa umejipinda karibu na uti wa kitabu. Swali lake lilikuwa fupi: "Shangazi, hii nyota ni ya kufuma au ni doa?"

Ilikuwa nyota ya kufuma. Kwa mtu aliyejifunza wiki mbili zilizopita kuanzisha vitanzi na kufuma mistari ya kawaida, ukurasa kama ule haujaandikwa kwa lugha yoyote anayoijua, hata kama Kiingereza anakisoma vizuri. Anahitaji mtu au kitu kiugeuze kuwa hatua anazoweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Ziko njia tatu ambazo watu huzitumia mjini hapa: kuandika upya kwa mkono katika daftari, kunakili maandishi ya picha kwa simu na kubadilisha vifupisho ndani ya jedwali, au kuupeleka ukurasa kwa fundi anayejua kufuma kwa mkono. Nimezitumia zote tatu, tena kwa ukurasa huohuo, kwa hiyo nitazilinganisha kwa mambo manne: jinsi zinavyosoma picha, jinsi zinavyofungua maneno yaliyofichwa nyuma ya nyota, jinsi zinavyokuwezesha kuhakiki hesabu ya vitanzi, na muda na pesa zinazodai.

Hii ndiyo sehemu ya ukurasa iliyoleta kazi:

```
1st row (RS): K2, *P2, K2; rep from * to end.
2nd row: P2, *K2, P2; rep from * to end.
Rep these 2 rows 4 times more.
...
1st dec row: K1, *K2tog, K6; rep from * to last st, K1.
Next row: P.
2nd dec row: K1, *K2tog, K5; rep from * to last st, K1.
Cont dec in this way on every alt row, working
1 st less between decs, until 20 sts rem.
```

Juu ya mistari hiyo kitabu kilisema uanzishe vitanzi 74 kwa sindano namba 8, na katikati, mahali nilipoweka vidoti, kilisema ufume upande mmoja laini na mwingine wenye vifundo mpaka kazi ifike inchi 4½.

Maneno ya kukubaliana kwanza

Kabla ya kuchagua njia yoyote, amua utaviitaje vitanzi vya aina mbili, kwa sababu kila fundi ana majina yake na mwanafunzi akichanganyiwa majina atapotea hata kama tafsiri ni sahihi. Mimi hufuata kile ambacho jicho linakiona. Kitanzi kinachofumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi, na ambacho upande unaokutazama hutokeza umbo kama herufi V, nakiita "laini", ndicho K. Kile kinachofumwa uzi ukiwa mbele na kutokeza kinundu kidogo nakiita "kifundo", ndicho P. K2tog ni kufuma vitanzi viwili pamoja kwa laini vikawa kimoja, na hapo idadi hupungua kwa kimoja. RS ni upande wa nje, utakaoonekana kofia ikivaliwa.

Jambo la pili ni kuitafuta kurasa ya vifupisho ya kitabu chenyewe na kuipiga picha pia. Mara nyingi iko mwanzoni au mwishoni mwa kitabu, na ndiyo ambayo watu husahau. K na P hazibadiliki, lakini M1, kwa mfano, ambayo ni kuongeza kitanzi, katika baadhi ya vitabu humaanisha kuinua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili na kuufuma, ilhali katika vingine vya zamani humaanisha kuzungusha uzi kwenye sindano na kuacha tundu. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayoweza kukisia hilo kwa uhakika bila ukurasa huo.

La tatu ni namba ya sindano. Vitabu vingi vya zamani vinavyozunguka Nairobi ni vya Uingereza, na huko namba 8 ya zamani ni milimita 4. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Kwa uzi wa unene wa wastani, sindano ya milimita 4 hutoa takribani vitanzi 22 katika sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 74 hufanya mzingo wa sentimita 33 na kitu, unaovutika na kukaa vyema kwenye kichwa cha mtoto mchanga chenye sentimita 35 hivi. Ukitumia milimita 5 na kupata vitanzi 18 katika sentimita 10, mzingo unakuwa sentimita 41, na kofia itamteremkia mtoto machoni. Kitabu hujitambulisha chenyewe: kikitumia neno "cast off" kwa kufunga vitanzi ni cha Uingereza, na kikitumia "bind off" ni cha Marekani. Kwa ruwaza za kroshia tofauti hiyo ni kubwa zaidi, maana kifupisho dc ni mfumo mmoja Uingereza na mfumo mwingine, mrefu zaidi, Marekani.

Kusoma picha yenyewe

Daftari linategemea macho yako, nalo ni zuri kiasi cha picha uliyonayo. Faida yake ni kwamba unapokutana na alama usiyoiona vizuri unasimama, kwa sababu mkono hauwezi kuandika kitu ambacho jicho halijakiona. Mimi huacha nafasi na kuweka alama ya kuuliza pembeni, kisha nirudi baada ya kumaliza mstari mzima. Mara nyingi hesabu ya mstari yenyewe hujaza nafasi hiyo, kama nitakavyoonyesha.

Simu haisimami. Ukiifungua picha kwa Google Lens na kuchagua maandishi, itakupa ukurasa mzima kwa sekunde chache, pamoja na makosa yake, na makosa hayo hayana alama ya kuuliza pembeni. Katika picha ya yule binti, K1 mbili zilisomwa kuwa Kl, yaani herufi l badala ya tarakimu 1. Nyota moja ilipotea kabisa. Inchi 4½ ziligeuka kuwa 41/2. Haya yote yanaonekana ukisoma kwa makini. Linalotisha ni kosa linalofanana na ukweli, kama K6 kusomwa K8, kwa sababu sentensi inayotokea inasomeka vizuri kabisa. Ukurasa wenye safu mbili una tatizo lake pia: simu inaweza kusoma kuvuka safu zote mbili na kukuunganishia nusu ya mstari wa kofia na nusu ya mstari wa soksi.

Kwa hiyo anayechagua simu aanze na picha nzuri. Kitabu kilazwe karibu na dirisha mwanga ukitoka ubavuni, ukurasa ubanwe uwe bapa, simu ishikwe sambamba na ukurasa, na kila safu ipigwe peke yake. Kama picha itatumwa kwa Whatsapp, itumwe kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa, na vitu vya kwanza kuumia ni vile vidogo: nyota, nukta na sehemu za namba kama ½.

Fundi ndiye anayesoma picha mbaya vizuri kuliko wote. Nilimwonyesha mama mmoja anayefuma sweta za watoto ile mistari mitatu iliyofunikwa na kivuli, naye hakuhangaika hata kuikuza. Alijua kwamba utosi wa kofia unapungua, kwa hiyo alijua ni nini lazima kiwe chini ya kivuli. Uwezo huo ni wa thamani, ila una upande wa pili: fundi husoma anachotarajia kukiona. Kama ruwaza ina jambo lisilo la kawaida, anaweza kulipita bila kujua kwamba amelipita. Ni vyema pia kujua kwamba fundi wa mashine ya kufumia na fundi wa sindano za mkono ni watu wawili. Wa mashine anaweza kuwa stadi wa sweta za shule na bado asiwe na haja ya vifupisho hivi katika kazi yake ya kila siku.

Kufungua nyota

Hapa ndipo njia hizi zinapotofautiana zaidi, kwa sababu tafsiri ya ruwaza haiishii kwenye kubadilisha herufi kuwa neno. Kazi kubwa ni kuyatoa mambo ambayo mwandishi ameyakunja ili aokoe karatasi.

Chukua mstari wa kwanza. K2, halafu nyota, P2, K2, kisha agizo la kurudia kutoka kwenye nyota mpaka mwisho. Anayebadilisha maneno tu atapata: "laini 2, nyota, kifundo 2, laini 2; rudia kutoka nyota hadi mwisho." Mwanafunzi atauliza anarudia nini, na mara ngapi. Tafsiri inayomsaidia inasema hivi: "Fuma laini 2. Sasa fuma kifundo 2 na laini 2. Hilo ni kundi moja la vitanzi 4. Fuma makundi 18 ya namna hiyo. Sindano ya kushoto itakuwa tupu." Kumi na nane imetoka wapi? Vitanzi 74 ukitoa 2 vya mwanzo vinabaki 72, na 72 kwa 4 ni 18. Ukurasa haukusema 18 popote, lakini umeifungia ndani.

Mstari wa tatu ni mtego wa Kiingereza hasa. Unasema mistari miwili irudiwe mara 4 zaidi. Ile miwili ya kwanza imeshafumwa, kwa hiyo jumla ni mara 5, yaani mistari 10. Wanafunzi wengi niliowaona huishia kwenye mistari 8 na kupata ukingo mfupi.

Kisha inakuja sentensi ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu ya kuandika makala haya yote. Kwa maneno machache, inasema uendelee kupunguza vivyo hivyo katika kila mstari wa pili, kila mara ukifuma kitanzi kimoja pungufu kati ya mapunguzo, mpaka vibaki 20. Ndani ya sentensi hiyo kuna mistari minane ya kazi. Punguzo la kwanza limeacha vitanzi 65 na la pili 56, kwa hiyo nikiifungua katika daftari inakuwa hivi:

Mstari wa kifundo: fuma vitanzi vyote 56 kwa kifundo.
Punguzo la 3: laini 1, kisha mara 9, fuma viwili pamoja, laini 4, malizia laini 1. Vinabaki 47.
Mstari wa kifundo: vyote 47.
Punguzo la 4: laini 1, kisha mara 9, fuma viwili pamoja, laini 3, malizia laini 1. Vinabaki 38.
Mstari wa kifundo: vyote 38.
Punguzo la 5: laini 1, kisha mara 9, fuma viwili pamoja, laini 2, malizia laini 1. Vinabaki 29.
Mstari wa kifundo: vyote 29.
Punguzo la 6: laini 1, kisha mara 9, fuma viwili pamoja, laini 1, malizia laini 1. Vinabaki 20.

Daftari ndilo linalofanya kazi hii vizuri kuliko njia nyingine zote, kwa sababu kuandika kila mstari kunakulazimisha kujiuliza idadi ni ngapi. Udhaifu wake ni kwamba anayeandika sharti awe ameelewa. Mwanafunzi wa wiki mbili, akiwa peke yake, atafungua ile mistari miwili ya ukingo bila shida, lakini sentensi ile ya mwisho inaweza kumshinda, hasa asipojua kwamba "kila mstari wa pili" kunamaanisha mistari ya kifundo inayokaa katikati. Akiiruka atapunguza kwenye kila mstari, na utosi wa kofia utajikunja ghafla kama mfuko uliofungwa kwa kamba.

Simu na jedwali hubadilisha maneno haraka, lakini haifungui nyota. Tena hata kwenye maneno kuna shimo ambalo yule binti aliingia. Alinakili maandishi, akatumia tafuta na badilisha ya kawaida, akaanza na K2. Kila K2 ikageuka "laini 2", ikiwa ni pamoja na ile iliyo ndani ya K2tog, ambayo sasa ilisomeka "laini 2tog". Aliona tog hiyo kama takataka ya simu, akaifuta, akafuma laini 2 za kawaida mahali pa kufuma viwili pamoja. Kila kitu kilienda sawa, isipokuwa mwisho wa mstari alikuwa bado na vitanzi 74 badala ya 65.

Dawa yake ni mbili. Ama ubadilishe vifupisho virefu kwanza, K2tog kabla ya K2, ama uweke mistari ya ruwaza katika Google Sheets, kila mstari kwenye kisanduku chake, na utumie fomula inayotambua mpaka wa neno:

```
=REGEXREPLACE(A2, "(?i)\bk(\d+)\b", "laini $1")
```

Alama \b inadai kwamba baada ya tarakimu neno liwe limekwisha. Katika K2tog tarakimu inafuatwa na t, kwa hiyo fomula inaiacha kama ilivyo, nawe unaitafsiri kwa fomula yake. Faida nyingine ni kwamba Kl iliyosomwa vibaya haina tarakimu, hivyo haibadiliki na hubaki wazi katikati ya Kiswahili ikikuonyesha kosa. Lakini ulinzi huo una kikomo: kama simu imeingiza nafasi na kuandika K2 tog, fomula itaona K2 iliyokamilika na kuivunja. Kwa hiyo nafasi za namna hiyo ziondolewe kwanza.

Fundi hufungua nyota kwa mikono. Atakaa nawe, atafuma makundi mawili ya kwanza, atakupa sindano, na utakuwa umeelewa nyota ni nini pasipo yeye kutamka neno hilo. Kwa anayejifunza, hakuna maandishi yanayofikia hapo. Ila ukirudi nyumbani huna kitu mkononi. Nilijaribu kumrekodi fundi sauti, na niliposikiliza jioni nilisikia "unaingiza hapa, unaleta hivi, unatoa," ambayo ni maelezo kamili kwa aliyekuwapo na si kitu kwa mwingine. Video ya mikono yake inafaa zaidi, iwapo atakubali.

Nani anahakiki hesabu

Ruwaza ya kufuma ina jambo moja zuri ambalo maelezo ya mapishi hayana: inajihakiki. Kila mstari lazima utumie vitanzi vyote vilivyoko kwenye sindano, visizidi wala visipungue. Chukua punguzo la kwanza. Kitanzi 1 cha mwanzo, kitanzi 1 cha mwisho, katikati vinabaki 72. Kila kundi la K2tog na K6 linakula vitanzi 8, na 72 kwa 8 ni 9 kamili. Sasa chukulia kwamba simu imesoma K8. Kundi litakula vitanzi 10, na 72 haigawanyiki kwa 10. Umeligundua kosa kabla ya kugusa uzi. Hivyo hivyo ndivyo nafasi niliyoiacha katika daftari hujazwa: kama tarakimu imefutika na najua kundi sharti ligawanye 72, na mstari unaofuata una K5 na matokeo yake ni 56, basi iliyofutika haiwezi kuwa nyingine ila 6.

Katika daftari uhakiki huu unafanyika wakati wa kuandika. Katika jedwali unaweza kuufanya kwa kuongeza safu mbili, moja ya vitanzi vinavyoingia na nyingine ya vinavyotoka, lakini hakuna kinachokulazimisha, na aliye na haraka hataziongeza. Hapo ndipo kasi ya simu hugeuka hasara.

Kwa fundi, uhakiki uko kichwani mwake, nao ni mzuri mpaka pale anapoamua kukusaidia zaidi ya ulivyoomba. Fundi mmoja niliyemlipa aliitazama 74 akasema watoto wa siku hizi wana vichwa vikubwa, tuanze na 80. Wazo lake la ukubwa lilikuwa la busara. Hesabu haikuwa: 80 ukitoa 2 ni 78, na 78 haigawanyiki kwa 4 ya ukingo wala kwa 8 ya utosi. Ukingo uliishia nusu ya kundi, na pale kofia iliposhonwa mistari ya mbavu haikukutana. Idadi iliyofaa ilikuwa 82, kwa sababu 82 ukitoa 2 ni 80, nayo inagawanyika kwa zote mbili, na kila punguzo lingeondoa vitanzi 10 badala ya 9 mpaka vibaki 22. Kama unafuata maneno ya fundi, basi kila anapobadilisha idadi, omba hesabu hiyo ifanyike mbele yako.

Muda na pesa

Daftari linahitaji kalamu na muda. Ukurasa huu wa kofia ulinichukua karibu dakika arobaini, na ninaujua. Daftari la miraba la hesabu la watoto wa shule linafaa kuliko lile la mistari, kwa kuwa unaweza pia kuchora kitanzi kimoja kwa mraba mmoja pale mstari unapokutatiza. Simu na jedwali zilinichukua dakika kumi, na ishirini nyingine za kusafisha makosa. Ruwaza ya pili ya kitabu hichohicho ikawa rahisi, kwa kuwa fomula zilikuwa tayari. Fundi hulipwa kwa maelewano, na gharama yake halisi ni nauli na foleni. Ukimfuata wakati ana oda za sweta za shule kabla ya muhula kufunguliwa, utakaa kwenye benchi saa nzima ukimtazama akimalizia kola ya mtu mwingine.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ndiye mwanafunzi, na ukurasa una kazi moja ndogo kama kofia au skafu, chukua daftari. Andika mstari mmoja, hesabu, ufume mstari huo, kisha uandike unaofuata. Hapo kuandika kunakuwa sehemu ya kujifunza, na kosa haliwezi kukimbia zaidi ya mstari mmoja.

Kama wewe ndiye unayefundisha, na una kitabu kizima cha kugawia kikundi cha kina mama au darasa, anza na simu na jedwali kwa ajili ya maneno, halafu ufungue nyota kwa mkono na uweke safu ya idadi ya vitanzi mwishoni mwa kila mstari kabla ya kuchapisha. Usigawe kilichotoka kwenye fomula bila kukigusa.

Kama picha ni mbaya na kitabu hakipatikani tena, au mwanafunzi bado hajui kufuma kifundo bila kusaidiwa, mpeleke kwa fundi wa sindano za mkono, mwende na daftari, na wakati yeye anafuma wewe uandike idadi anayoitaja. Ikiwa mwanafunzi hasomi vizuri, fundi na video ya mikono ndiyo njia, pamoja na pini ya kubana inayotiwa kwenye kazi kila kundi linapoisha ili vidole vihesabu badala ya macho.

Na ikiwa ruwaza ina saizi nyingi, zile zinazoandikwa idadi moja nje ya mabano na nyingine tatu ndani yake, chukua kalamu nyekundu kabla ya njia yoyote, uchague saizi moja, na uzungushie duara namba yake kila mahali kwenye picha iliyochapishwa. Binti ya kaka yangu sasa yuko kwenye sweta ya saizi nne, na duara zake zimefika mkono wa kushoto. Wa kulia unasema ufumwe vivyo hivyo, kinyume.